Suti ya Kuagwa

Mwalimu Elinami alinifundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili, na kwa miaka yote miwili sikuwahi kuvuka alama 30. Nasema mapema, msije mkadhani najisifu kwa nitakayoyaeleza. Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza Majengo hapa Moshi, na hesabu yangu yote imeishia kwenye futi ninayoivaa shingoni.

Alikuja Jumatatu moja asubuhi, Kibo bado kiko wazi hakijajifunika mawingu. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Una kazi nyingi?"

"Za kwako hazisubiri, mwalimu. Karibu stuli."

Akafungua gazeti. Nikaijua suti kabla hajaikunjua: ya kijivu, niliyomshonea mwaka 2013 alipostaafu, siku walimu wenzake walipomuaga kwa mbuzi na hotuba ndefu. Suti ya kuagwa. Kitambaa kizuri, wakati ule alikilipia kwa awamu tatu.

"Nipunguzie suruali," akasema. "Mapajani, na huku nyuma. Inaning'inia kama gunia. Jumamosi nina harusi Marangu."

Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, "Kumbe umepungua mwalimu."

Wee! Hilo nililivuna. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kidaftari kidogo, akakipigapiga kwa kidole kama alivyokuwa akipiga ubao.

"Sijapungua hata robo kilo. Soma."

Nikasoma. Kila Jumamosi, baada ya kununua gazeti, Mwalimu hupanda mizani ya yule kijana anayekaa jirani na stendi, analipa shilingi 200, anaandika. 72. 72. 71.5. 72. Ukurasa mzima, kisha unaofuata, kisha unaofuata. Siku aliyostaafu alikuwa na kilo 72, akiwa na miaka 60. Sasa ana 71 na kilo ni zile zile. Kwa jambo hilo alikuwa na kiburi kidogo, na kusema kweli nisingemlaumu. Wenzake wengi wa rika lake ama wamenenepa mpaka wanahema wakivuka barabara, ama wamekwisha.

"Basi suruali imekuwaje?" nikauliza.

"Kitambaa kimetanuka."

Nikanyamaza. Kitambaa cha suti hakitanuki kabatini. Ila mwalimu wako ni mwalimu wako.

Baadaye ndipo alinong'ona, akitazama barabarani. Kumbe suruali zote zilikuwa zimelegea, hata za kushindia. Alikuwa ameogopa, akaenda hospitali kimyakimya, hajamwambia hata mkewe aliye Dar anakolea wajukuu. Wakampima sukari, ikawa sawa. Presha sawa. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akatazama kadi ya miaka iliyopita, akatabasamu: mzee uko vizuri, uzito haujashuka. Akarudi nyumbani na amani yake, na suruali ikaendelea kuteremka.

"Simama nikupime, mwalimu."

Hapa ndipo niliona kitu. Stuli yangu ni fupi, ya kukalia wateja wanaosubiri kifungo. Mwalimu aliinama mbele, akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaweka kiganja juu ya meza ya cherehani, akaisukuma kwa nguvu mpaka mkasi ukaruka na bobini ikabingirika chini. Akainuka. Akajipangusa magoti kama vile alikuwa ameangusha kitu. Sote wawili tukajifanya tunatafuta bobini.

Nikampima. Mimi sitegemei kumbukumbu, kila mteja ana ukurasa wake na mwaka wake. Nikaleta daftari la 2013, nikaandika vipimo vipya pembeni ya vya zamani. Tumbo, penye kitovu: lilikuwa 35, sasa 38. Hipsi: 41, sasa 38. Paja: 24 na nusu, sasa 21 na nusu.

Nikapima paja tena, maana nilidhani futi imejikunja. 21 na nusu. Nyama niliyoishika haikuwa ile. Paja la mtu aliyekuwa akipanda kutoka shuleni mpaka kihambani kwake kila siku lina kitu kinachokataa kidole. Hili liliitikia kidole.

Suruali sasa nikaielewa. Tumbo limetoka mbele, kwa hiyo anaifunga chini yake. Na huko chini hakuna makalio ya kuishikilia. Mkanda unafanya kazi ya nyama.

Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia bila kumkosea adabu. Sikuhitaji. Alishavaa miwani, ameinamia daftari langu, ameweka kidaftari chake pembeni. Macho yanakwenda huku, yanarudi huku. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka mama mmoja aliyeleta kitenge cha sendofu akaanza kukohoa kohoa kwa kuchoka kusubiri. Kisha Mwalimu akachukua chaki yangu ya kuchorea, akaandika juu ya meza:

n + m = 72

"Nyama na mafuta," akasema. "Mlinganyo mmoja, namba mbili zisizojulikana. Nilikufundisha nini?"

"Hautatuliki, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Nikahisi jasho la kidato cha pili. "Kwa sababu moja ikipungua na nyingine ikiongezeka, jumla inabaki ile ile."

Aliniangalia kama mtu aliyeona ng'ombe akisoma gazeti.

"Miaka kumi na moja," akasema taratibu. "Miaka kumi na moja naandika jumla."

Akanakili vipimo vyangu, safu mbili, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Akaniachia suti, nipunguze.

Aliporudi Ijumaa kuichukua alikuwa amepita hospitali nyingine, kwa daktari kijana ambaye, kwa maneno yake, "hakucheka karatasi ya fundi." Daktari alimwambia akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka awezavyo. Ikipita sekunde 15, nguvu ya miguu imepungua. Mwalimu alitumia 19. Akapewa chombo cha kuminya kwa kiganja. Kwa mwanamume, chini ya kilo 27 ni dalili ya udhaifu. Yeye alifikisha 23.

"Wanaita sakopenia," akanieleza, na nikaona somo linakuja. "Ni Kigiriki. Nyama, na ufukara. Ufukara wa nyama! Mchaga mzima, nimefilisika nyama."

Tukacheka mpaka jirani wa viatu akachungulia.

Lakini alikuwa ameshapiga hesabu ya namna alivyofilisika, na haikuwa ya kuchekesha. Misuli huanza kupungua mtu akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, polepole, asijue. Ukishavuka sitini inakwenda kwa kasi, hasa kwa asiyeitumikisha. Na yeye, tangu mgongo ulipomsumbua, kihamba alimwachia mpwa wake. Jembe likawekwa ukutani. Sokoni anakwenda kwa bodaboda. Kanisani alishahamia mwisho wa benchi, penye kitu cha kushika, waumini wakisimama kuimba naye awemo. Mama alipokwenda Dar, jiko likawa chai ya rangi na mkate asubuhi, ndizi za kuponda jioni. Nyama aliiacha magego mawili yalipong'oka. Maharage aliyaacha kwa sababu ya tumbo kujaa gesi.

"Daktari anasema kwa umri wangu nihesabu gramu moja ya protini kwa kila kilo ya mwili, au zaidi kidogo. Maana yake 72 kwa siku, mpaka themanini na kitu. Nimejumlisha ninachokula." Akanyoosha vidole vinne. "Arobaini hazifiki. Na yai moja lina kama sita tu."

Dawa hakupewa. Alipewa kiti. Kusimama na kukaa bila kushika, mara kumi, apumzike, arudie, tena arudie. Kunyanyuka kwa vidole vya miguu akiwa ameshika ukuta. Ndoo ndogo ya maji mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, kutoka bombani mpaka jikoni. Siku tatu kwa wiki, na kila ikizoeleka, iongezwe uzito. Na mayai, dagaa, maziwa, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Nyama isagwe kama meno hayawezi.

Harusini alikwenda na suti yake. Niliambiwa alipendeza.

Wiki za kwanza alikuwa akipita kibarazani kwangu kulalamika. Magoti. Bei ya mayai. Mpwa wake aliyemkuta amebeba ndoo akampokonya kwa heshima, "Babu acha, mimi nipo," mpaka wakagombana, maana kijana alidhani anatukanwa. Mwezi wa pili akaacha kulalamika na akaanza kuja kwa miguu. Kwenye mizani hakuacha kwenda. 72. Yule kijana akamwambia mzee huna mabadiliko, Mwalimu akamjibu kwamba hilo si swali lake.

Mwezi wa nne ulipokwisha alikuja na ile ile suruali ya kijivu.

"Inabana," akasema.

"Wapi?"

"Mapajani. Kidogo. Pima."

Kabla sijashika futi alikaa kwenye stuli, akakunja mikono kifuani, akanitazama. Akasimama. Mkasi haukutikisika. Akakaa, akasimama tena. Mara ya nne uso ulikunjamana na pumzi ikasikika, ila mikono ilibaki kifuani. Mara tano. Mama wa kitenge, safari hii amekuja na sare za kikoba, akapiga makofi.

Paja: 22 na robo. Tumbo: 37.

"Robo tatu ya inchi," akasema, naye akaiandika mwenyewe kwenye daftari langu, maana mwandiko wangu haumridhishi. Kisha sura ikabadilika. "Lakini wewe ulishaikata hii suruali. Sasa itakuwaje?"

Nikaigeuza ndani nje. Nikamwonyesha mshono wa paja, na nyuma. Kitambaa chote kilikuwepo, nimekikunja na kukilaza kwa pasi, hakijaguswa na mkasi.

Akapapasa kile kitambaa kwa kidole gumba. "Nilikwambia ukate."

"Uliniambia, mwalimu."

"Na hukukata."

"Kitambaa kizuri, nilikionea huruma."

Akakaa kimya kidogo, akaketi stuli kungoja. Nikachukua kisu cha kufumulia, nikaanza kutoa uzi.