Viganja, Kope na Ulimi: Kuutambua Upungufu wa Damu na Wakati wa Kumpeleka Mgonjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, wazee, kina baba na kina mama mliokuja na watoto siku hii ya kliniki: Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Nimeomba nafasi hii kabla mizani haijaanza kufanya kazi kwa sababu upungufu wa damu ni ugonjwa unaoingia polepole, na nyumba nyingi humzoea mgonjwa akiwa tayari amedhoofika, zikisema kuwa mtoto ni mpole au kwamba mama ni mchovu wa ujauzito tu. Dalili zake zipo mahali ambapo kila mmoja wetu anaweza kupaangalia bila chombo chochote.

Damu ndiyo inayobeba hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima, na ndiyo inayotupa ule wekundu unaoonekana pale ambapo ngozi ni nyembamba au haina rangi nyingi. Ndiyo maana hatuangalii uso wala mgongo wa mkono, kwani ngozi yetu nyeusi huficha mabadiliko, bali tunaangalia kiganja, upande wa ndani wa kope ya chini, na ulimi.

Tuanze na kiganja. Mtoe mtoto nje au mpeleke mlangoni penye mwanga wa mchana, kwa sababu mwanga wa koroboi au wa tochi ya simu hubadilisha rangi na utakudanganya. Shika mkono wake kwa upole kutoka pembeni, kiganja kikiwa kimefunguka chenyewe. Usivute vidole kwenda nyuma, kwa kuwa ngozi ikivutwa damu hukimbia na kiganja cha mtoto mzima kitaonekana kimepauka. Kisha weka kiganja chako, na cha ndugu mwingine mwenye afya, kando ya kiganja cha mtoto, ulinganishe. Kama cha mtoto kimefifia kuliko vyenu, hiyo ni dalili ya upungufu wa damu. Kama kimepauka sana kiasi cha kuonekana cheupe, huo ni upungufu mkali, na hapo hatungoji kitu.

Kwa wengi wetu kiganja peke yake hakitoshi. Mama aliyepaka hina, na mkulima ambaye viganja vyake vimejaa sugu za jembe, hawawezi kusomwa vizuri hapo, kwa hiyo nenda kwenye jicho. Nawa mikono kwa sabuni, mwambie atazame juu, kisha ivute kope ya chini taratibu kwa kidole gumba. Ndani yake panatakiwa kuwa pekundu. Pakiwa na rangi ya waridi iliyofifia au weupe, damu imepungua. Kumbuka hata hivyo kwamba jicho linalouma au lenye tongotongo huwa jekundu kwa sababu ya ugonjwa wa jicho lenyewe, na wekundu huo usikupe matumaini. Mwishowe mwambie atoe ulimi. Ulimi uliopauka, na wakati mwingine ukawa laini kama uliosuguliwa, unaunga mkono ulichokiona kwingine. Kama mtoto ametoka kula ubuyu wa rangi, asukutue kwanza.

Sehemu hizi zikitofautiana, sehemu moja ikipauka na nyingine ikiwa na wekundu, ifuate ile iliyopauka. Na zote zikiwa nyekundu, msiache kuhudhuria kliniki, kwa sababu upungufu mdogo hauonekani kwa macho. Unaonekana kwa kupima wingi wa damu. Mjamzito ambaye kipimo chake kiko chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu, na akiwa chini ya 7 upungufu huo ni mkali.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisimame hapa, yaani lini tumpeleke mgonjwa, na kwa haraka gani. Mtoto au mtu mzima aliyepauka kidogo, anayekula, anayecheza au kufanya kazi zake, aje zahanati leo au kesho asubuhi. Atapimwa malaria na wingi wa damu, na mtoto wa mwaka mmoja na zaidi ataangaliwa kama amepata dawa ya minyoo ndani ya miezi 6 iliyopita. Mtoto akipewa dawa ya madini ya chuma, arudishwe baada ya siku 14 hata kama ameanza kuchangamka.

Lakini aliyepauka sana, au aliyepauka hata kidogo huku anahema kwa kasi akiwa ametulia, moyo unamwenda mbio, miguu imevimba, ananyonya kwa shida au amekataa kabisa, anatapika kila kitu, amepata degedege, analegea au hazinduki vizuri, aondoke saa ileile, iwe usiku, iwe mvua. Vivyo hivyo mjamzito anayetokwa damu, na mama aliyejifungua ambaye damu haikatiki. Kina baba, nawasihi kwa moyo wangu wote: mama asikae akisubiri ruhusa yako kutoka shambani, wala fedha za mauzo ya machungwa. Mtoto mwenye malaria anaweza kupungukiwa damu kwa siku chache sana, na saa tunazozipoteza nyumbani hazirudi. Nipigieni simu nami nitajaza fomu ya rufaa, ila nisipopatikana, ondokeni bila fomu. Ndugu wawili wazima waende pamoja naye, kwani huenda akahitaji kuongezewa damu hospitalini na wao wakaombwa kuchangia.

Wapo watakaowaambia kwamba rozela, soda nyekundu au maji ya majani yaliyochemshwa yataongeza damu. Wekundu wa kinywaji haugeuki kuwa damu, na ubaya mkubwa wa vinywaji hivyo ni siku zinazopita huku tukivitegemea. Wala hatuwezi kutibu bila kujua chanzo. Hapa kwetu Muheza malaria huharibu damu, minyoo ya safura huinyonya kidogo kidogo kwa anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, na kichocho huitoa kwa njia ya mkojo. Mtoto mwenye selimundu hupauka pia, mara nyingi macho yakiwa ya manjano na viungo vikiuma, naye apelekwe kupimwa. Asinunuliwe dawa za kuongeza damu dukani.

Wajawazito, vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki mmezeni kila siku. Choo kikiwa cheusi msiogope, ni madini ya chuma. Msivimeze kwa chai, kwani chai huzuia madini hayo kuingia mwilini. Mezeni kwa maji, na chungwa mkilipata. Vifungieni mbali na watoto, kwa maana mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua. Anayetamani sana kula udongo amwambie nesi bila aibu, kwa kuwa tamaa hiyo yenyewe huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Nyumbani, dagaa waliosagwa kwenye uji wa mtoto aliyefikisha miezi 6, maini mkiyapata, maharage, kisamvu na matembele vyote vinasaidia, lakini aliyekwisha kupauka chakula peke yake hakitamtosha.

Naomba sasa wenye watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wahamie upande huu wa baraza wenye mwanga. Kila mama atamwangalia mtoto wake mwenyewe, nami nitapita nikiwaelekeza, na yeyote tutakayemkuta amepauka ataingia kwa mganga kwanza, kabla ya foleni ya mizani.