Barua kwa Neema: ukiwabadilisha nafasi, umepata kitu kipya?

Songea, 16 Februari

Mwanangu Neema,

Leo mchana nimemaliza kusahihisha karatasi zenu za hesabu, yaani BAM, na ya kwako nimeirudia mara tatu. Kilichonirudisha ni swali la sita. Umeandika 120, ukaikata. Ukaandika 720, ukaikata nayo. Ukarudi kwenye 120, na kengele ikagonga. Hesabu zote mbili umezikokotoa vizuri kabisa. Kilichokushinda ni kuamua ipi ni ipi, na jambo hilo mstari mwekundu hauwezi kulifundisha. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Swali lilisema klabu ina wanachama 10 na inachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pembeni umezungushia duara neno la kuchagua. Nimeelewa: umekariri kwamba likitajwa neno la kuchagua ni kombinesheni, likitajwa la kupanga ni pamutesheni. Mwanangu, iache kanuni hiyo leo hii. Inafanya kazi kwenye mifano ya daftarini, halafu inakutupa pale mtunga swali anapotaka kuona kama umefikiri.

Fanya hivi badala yake. Kabla hujagusa kikokotoo, andika jibu moja tu, lenye majina ya watu. Tuseme Asha mwenyekiti, Juma katibu, Rehema mweka hazina. Sasa wabadilishe nafasi: Rehema mwenyekiti, Asha katibu, Juma mweka hazina. Jiulize: klabu imepata uongozi mwingine? Imepata. Mwenye ufunguo wa sanduku la fedha siyo yuleyule tena. Kwa hiyo mpangilio una maana, hiyo ni pamutesheni, na jibu ni 10 × 9 × 8 = 720.

Sasa badilisha kidogo. Klabu ileile inachagua watu watatu wa kwenda mjini kununua vitabu. Asha, Juma na Rehema. Au Rehema, Asha na Juma. Wamepanda daladala watu walewale, safari ni ileile. Hapo mpangilio hauna maana, ni kombinesheni.

Nataka ukae kidogo hapa, maana naamini hapa ndipo ulipokwama tangu mwanzo. Waandike hawa watatu kwa kila mpangilio: ARJ, AJR, RAJ, RJA, JAR, JRA. Ni sita, yaani 3! = 3 × 2 × 1. Ile 720 imewahesabu watatu hawa mara sita, na kila kundi lingine la watu watatu nalo limehesabiwa mara sita. Kwa safari ya vitabu, sita hizo ni kundi moja tu. Basi unagawanya: 720 ÷ 6 = 120. Zile namba mbili ulizokuwa unazikatakata ni ndugu, na kinachozitenganisha ni r!. Ukiwa na watu n na unawachukua r, pamutesheni ni nPr na kombinesheni ni nCr:

nCr = nPr ÷ r!

Ukilielewa hilo, fomula ya kombinesheni huna haja ya kuikariri. Ile r! ya chini inafuta marudio, basi.

Na kombinesheni unaiishi kila siku bila kujua. Wewe unasoma CBG. Uliulizwa kombi gani ulipofika hapa, ukajibu. Kuna aliyewahi kukuuliza kama unasoma CBG au GCB? Kemia, baiolojia na jiografia ni zilezile, hata uanze na ipi. Lakini ratiba ya Jumatatu, ipi kipindi cha kwanza na ipi cha mwisho, hiyo ni pamutesheni, na nyote mnajua tofauti ya kusoma kemia saa mbili asubuhi na kuisoma baada ya chakula cha mchana.

Kaka zako wa benchi la nyuma hawaishi kubishana mpira, basi chukua mfano wao. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kila timu inakutana na kila timu nyumbani na ugenini. Mechi ni ngapi? Andika jibu moja: Simba mwenyeji, Yanga mgeni. Geuza: Yanga mwenyeji, Simba mgeni. Ni mechi nyingine, ina tarehe yake na pointi zake. Kwa hiyo 16 × 15 = 240. Kama ligi ingekuwa ya mzunguko mmoja, kila jozi ikikutana mara moja tu, ukigeuza majina hupati mechi mpya. Unagawanya kwa 2!, zinabaki 120. Angalia kwamba katika swali hili hakuna neno la kuchagua wala la kupanga. Ungezungushia nini duara?

Kuna maswali ambayo hayataki kitufe cha nPr wala cha nCr peke yake, na hayo usiyaogope. Tuseme namba ya siri ya simu ina tarakimu nne. 1234 na 4321 ni tofauti, kwa hiyo mpangilio una maana, lakini tarakimu inaweza kujirudia, 7717 kwa mfano. Hapo kila nafasi ina uwezekano 10: 10 × 10 × 10 × 10 = 10,000. Ukibonyeza 10P4 utapata 5,040, ambazo ni zile zisizorudia tarakimu tu. Neno lenye herufi zinazofanana nalo lina mtego wake: KARATASI lina herufi 8, na A ziko tatu. Ukizibadilisha nafasi hizo A zenyewe kwa zenyewe hakuna atakayeona tofauti, kwa hiyo 8! ÷ 3! = 6,720. Ni lilelile swali langu la kubadilisha nafasi.

Kuna pia yale ya hatua mbili, ambayo hupenda kutokea. Wavulana 6 na wasichana 5; chagua wavulana 3 na wasichana 2, kisha wapange mstari mmoja wapigwe picha. Kuchagua: 6C3 × 5C2 = 20 × 10 = 200. Kupanga hao watano: 5! = 120. Jumla 24,000. Usilazimishe fomula moja ibebe swali zima. Liulize kila hatua peke yake.

Wiki iliyopita uliniambia hesabu hazimo kwenye damu yako. Nilinyamaza kwa sababu darasa lilikuwa limejaa, lakini sikukubali, na karatasi hii inanipa haki ya kutokukubali. Aliyeandika 720 na 120 kwa usahihi, tena chini ya saa inayokimbia, anajua kuhesabu. Mtihani wa taifa ni Mei. Muda tunao.

Nimekuwekea maswali matano ndani ya daftari lako. Usiyafanye kwanza. Kwa kila moja andika jibu moja lenye majina, ligeuze, kisha andika "kipya" au "kilekile". Namba zitafuata baadaye. Mawili kati ya hayo nimeyatunga kwa makusudi ili neno lililotumika likupotoshe. Jumatano baada ya vipindi nitakuwa ofisi ya walimu mpaka saa kumi na moja. Njoo nayo hata kama umeshafuta na kuandika mara kumi. Usifute kwa kifutio, kata kwa mstari mmoja, nataka kuona ulikuwa unafikiria nini.

Mwalimu wako,
Mwl. Komba