Ramani ya hoja: Je, ulimwengu una mwanzo?

Kutoka daftari langu la semina, Lamu. Swali ninalolitarajia: "Tathmini hoja ya Al-Ghazali kwamba ulimwengu una mwanzo."

DAI: Ulimwengu una aliyeufanya uwepo.
Msingi 1: Kila kilichoanza kuwapo kina sababu.
Msingi 2: Ulimwengu ulianza kuwapo.

Msingi 1
← Pingamizi (Hume): twaweza kuwaza kitu kikitokea bila sababu.
→ Jibu: kuwazika si kuwezekana. Nisikae hapa. Ibn Sina, mwanafalsafa anayeshika kwamba ulimwengu hauna mwanzo, hapingi Msingi 1. Ugomvi wake na Ghazali uko chini.

Msingi 2
Hoja: kwa elimu ya nyota ya zama zake, Zohali huizunguka dunia mara moja, jua mara 30. Kama ulimwengu hauna mwanzo, mizunguko yote miwili haina idadi, na bado mmoja ni mara 30 ya mwingine. Tena, mizunguko iliyopita ni shufwa au witiri?
← Pingamizi: iliyopita haipo tena, kwa hiyo haijumuishwi pamoja.
→ Jibu la Ghazali: roho za wafu je? Ibn Sina asema hazifi. Basi zipo zote sasa, bila idadi. (Jibu zito, linamkamata kwa kauli yake mwenyewe. Liandikwe.)

Pingamizi kuu: kwa nini ulimwengu uanze wakati ule?
← Mungu alitaka tangu azali na uwezo wake haupungui. Nini kilichelewesha? Nyakati zote zafanana.
→ Ghazali (kitabu chake Tahafut, 1095): kazi ya irada ndiyo hiyo, kupambanua kitu na mfano wake. Mtu mwenye njaa mbele ya tende mbili zilizo sawa atachukua moja.
  ← Mwenzetu wa Shela: atachukua iliyo karibu.
  → Ghazali ameshaondoa ukaribu, uzuri na wepesi wa kuifikia.
  ← Ibn Rushd: hakuchagua tende hii juu ya ile. Alichagua kula juu ya kutokula, na yoyote ingetosha.
  → Langu: njaa yaeleza kwa nini alikula. Haielezi mkono kwenda kwa hii. Hapa Ghazali ashinda.

Lakini kuna pingamizi ambalo semina ililipita haraka, na ndilo nitakaloliandikia aya ndefu. Ghazali huyohuyo asema wakati umeumbwa pamoja na ulimwengu. Tende zilikuwapo kabla ya mkono; nyakati za kuchaguliwa hazikuwapo kabla ya uumbaji. Kwa hiyo "kwa nini si mapema zaidi?" halina maana, na pingamizi kuu laanguka. Ila mfano wa tende nao waanguka, kwani hakukuwa na viwili vya kupambanua. Ghazali aokoka kwa nadharia yake ya wakati, si kwa ile ya irada.

Msingi 2 ukikosa uthibitisho?
Thomas Aquinas: mwanzo wa ulimwengu wajulikana kwa imani, akili haiuthibitishi wala haiukanushi. Hata hivyo Dai lake labaki, kwa njia nyingine: ulimwengu usio na mwanzo nao ungemhitaji wa kuutegemeza kila sasa.