YAH: JEDWALI LA MTIRIRIKO WA FEDHA LINALOAMBATANA NA OMBI LA MKOPO WA TSH 16,000,000

Mashine ya Kukoboa na Kusaga,
Pasua, Moshi.
4 Agosti 2025

Meneja wa Tawi,
Moshi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pamoja na fomu ya maombi tumeleta faili la ekseli, `mtiririko_2025_26.xlsx`, lenye karatasi tatu: Makisio, Mtiririko na Marejesho. Salio la kuanzia 1 Agosti, TSh 2,315,000, ni lilelile la taarifa ya benki ya 31 Julai. Fedha za Lipa Namba zina mstari wake, na matumizi ya nyumbani pia, TSh 450,000 kila mwezi.

Mkopo ni wa kununua mahindi sasa, wakati wa mavuno: gunia 200 za kilo 100 kwa TSh 700 kwa kilo (14,000,000), usafiri na upakiaji (800,000), na mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiishi humo (1,200,000). Tumehesabu kwa kilo, maana lumbesa haina kipimo. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13 hatutayapokea. Yakifungwa mabichi yanaota ukungu. Kilo 100 tumezipigia kilo 72 za sembe na 24 za pumba, nyingine ni chenga na vumbi.

Tunaomba uanze kusoma safu ya Desemba. Baadhi ya shule tunazoziuzia unga Oktoba na Novemba hulipa baada ya kufungua Januari, huku umeme wa LUKU, vibarua na awamu ya kodi ya TRA havisubiri. Hapo salio linabaki TSh 870,000 tu. Ndiyo maana tunaomba Septemba hadi Desemba tulipe riba peke yake, TSh 240,000 kwa mwezi, kisha Januari hadi Agosti turejeshe TSh 2,000,000 kila mwezi pamoja na riba ya salio lililobaki. Rejesho la Januari ni TSh 2,240,000, la mwisho TSh 2,030,000.

Kwenye karatasi ya Makisio, seli za njano pekee ndizo za kubadilisha. Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, tuliyotajiwa na afisa mikopo, iko B9. Siku za shule kulipa ziko B4: ukiandika 60 badala ya 30, Desemba inageuka hasi TSh 1,120,000. Hasi hiyo hatukuificha. Ikitokea, tutauza gunia 20 bila kukoboa kwa TSh 95,000 kila moja, na salio litarudi TSh 780,000. Mauzo hayo hayamo kwenye jumla, yako mstari wa 41.

Salio la kila mwezi ni salio la kuanzia, kujumlisha fedha zinazoingia, kutoa zinazotoka. Fomula yake ni hii, nayo haijafungwa:

```
=C6+C18-C34
```

Uchakavu wa mashine hautaonekana, kwa kuwa si fedha inayotoka. Ghala liko wazi kwa ukaguzi siku yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki,
Mashine ya Kukoboa na Kusaga, Pasua

Viambatanisho: faili la ekseli kwenye flashi, nakala yake iliyochapwa, taarifa ya benki ya miezi 12, hati za madai ya shule.