Andalio la somo: Sumaku, Darasa la Tano B

Somo: Sayansi
Mahali: shule ya msingi, Jiji la Mbeya
Tarehe: Jumanne, 10 Machi 2026, vipindi viwili mfululizo (dakika 80)
Wanafunzi: 64, wasichana 34 na wavulana 30, vikundi vinane vya watu wanane

Mwalimu wa mkondo A atalitumia andalio hili Jumatano, ndiyo maana nimeandika kwa urefu kuliko kawaida.

Umahiri unaotarajiwa
Mwanafunzi atenganishe vitu vinavyovutwa na sumaku na visivyovutwa kwa kuvijaribu, aonyeshe ncha za sumaku na tabia zake, na alinganishe nguvu za sumaku tatu kwa kipimo kilicho sawa kwa zote.

Zana
Sumaku za duara nane kutoka kwenye spika mbovu. Nimezipata kwa mafundi redio wa Mwanjelwa, wao huzitupa. Sumaku nne za mche kutoka stoo ya shule. Kila kikundi kipate bahasha yenye msumari, kizibo cha soda, kipande cha bati, waya wa shaba, kifuniko cha sufuria ya alumini, funguo mbili (moja ya chuma, moja ya shaba nyeupe), sarafu ya shilingi 500, kipande cha kopo la maziwa ya unga, kijiti, kitufe cha plastiki na jiwe. Vibanio vya karatasi, rula za mbao au plastiki, uzi, mifuko myepesi ya nailoni.

Na mchanga mweusi. Mvua ikishanyesha, kwenye mifereji ya barabara hubaki mstari mweusi unaong'aa juu ya udongo. Funga sumaku ndani ya nailoni, ipitishe juu ya mchanga huo uliokauka, nayo itainuka na ndevu. Ukigeuza nailoni na kuitoa sumaku, chembe zinaanguka zote kwenye karatasi. Bila nailoni utazikwangua hadi jioni. Nimekusanya nusu kikombe Jumapili. Inatosha darasa zima.

Utangulizi (dakika 8)
Nisitamke maana ya sumaku. Niweke mezani msumari na waya wa shaba, niulize: "Vyote viwili ni metali. Sumaku itavuta kipi?" Wanyooshe mikono, nihesabu kura, niandike idadi ubaoni bila kusema nani kapatia. Wengi wataamini kila metali inavutwa. Imani hiyo waijaribu kwa mikono yao wenyewe. Mwaka jana niliisahihisha kwa maneno, na kwenye jaribio la mwisho wa mwezi ikarudi vilevile.

Kupanga vitu (dakika 20)
Wachore jedwali la safu tatu: kitu, nabashiri, nimeona. Safu ya ubashiri ijazwe yote kabla sumaku hazijagawiwa. Nitazishika mwenyewe mpaka kila kikundi kinyanyue daftari.

Ubishi utazuka kwenye funguo na kwenye sufuria. Hapo nikae muda mrefu. Watagundua kwamba kung'aa hakusemi kitu, na uzito hausemi kitu. Kinachovutwa hapa ni chuma na feleji, hata kikiwa kimepakwa rangi au madini mengine juu, kama sarafu ya 500 na kopo la maziwa. Nikeli na kobalti nazo huvutwa. Shaba, alumini, dhahabu na fedha hazivutwi.

Mtu akiuliza kuhusu mawe, nimjibu kwa mifano ya huku kwetu. Kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa takriban tani 16, kinanasa sumaku kwa sababu sehemu kubwa yake ni chuma chenye nikeli. Mawe ya Liganga, Ludewa, nayo yana madini ya chuma yanayovutwa, ya jamii moja na chembe zetu za mferejini. Jiwe la kwenye bahasha halivutwi. Kwa hiyo jibu sahihi la "je, jiwe linavutwa?" ni "jiwe gani?"

Kutafuta ncha (dakika 25)
Kwanza wanyunyize mchanga mweusi juu ya karatasi iliyolazwa juu ya sumaku ya mche, wagonge karatasi taratibu kwa kidole. Chembe zitajazana miishoni na katikati patakuwa karibu patupu. "Nguvu imekaa wapi?" Waonyeshe kwa kidole ndipo niwape neno *ncha*.

Angalizo kwa mwenzangu: sumaku ya spika haina ncha pembezoni. Ncha zake ni nyuso mbili bapa. Ukiwaambia watoto watafute kwenye ukingo, utawapoteza nusu saa.

Halafu tutoke nje. Madawati yetu yana miguu ya chuma na yatavuruga jaribio. Chini ya mti, sumaku ya mche ining'inizwe kwa uzi katikati, ile ya duara ipitishwe uzi tunduni isimame kwa ukingo. Waiache itulie bila kuigusa. Mwisho mmoja, au uso mmoja, utaelekea upande wa Loleza, yaani kaskazini. Waisukume kidogo, ingoje tena. Ikirudi palepale mara tatu, waweke alama ya chaki: hiyo ndiyo ncha ya kaskazini.

Sasa vikundi viwiliviwili vikutanishe sumaku zao. Ncha zinazofanana zinasukumana, zisizofanana zinavutana. Nataka kila mtoto, wote 64, aushike ule msukumo kwa mikono yake, ahisi kama kuna mto usioonekana kati ya viganja. Kisha swali gumu kuliko yote ya leo: "Nina vyuma viwili vinavyofanana, kimoja ni sumaku na kingine chuma tu. Sumaku yako inavivuta vyote. Utajuaje?" Wageuze upande. Chuma cha kawaida kitavutwa na ncha zote mbili. Kinachosukumwa ndicho sumaku.

Duara hizi zibanishwe polepole: zikigongana hupasuka, na zinabana vidole. Mchanga usipulizwe, utaingia machoni. Simu yangu ibaki ofisini.

Kulinganisha nguvu (dakika 20)
Duara kubwa, duara dogo, mche. Wabashiri tena. Kibanio kiwekwe kwenye sifuri ya rula, sumaku isogezwe polepole kutoka mbali, wasome milimita pale kibanio kinaporuka. Mara tatu kwa kila sumaku, wachukue namba ya katikati. Jana jioni mezani kwangu nilipata 31, 27 na 12. Mche ndio mrefu kuliko zote na ndio dhaifu, maana umeangushwa mara nyingi na kutunzwa ovyo. Kuanguka na joto kali huipunguzia sumaku nguvu.

Vikundi vingine vitatumia kibanio hiki kwa duara na kile kwa mche, au kugeuza uso wa sumaku katikati ya kipimo. Nisiwakataze. Niulize: "Mkishindanisha wakimbiaji, mmoja anaanzia mbele?" Warekebishe wenyewe.

Tathmini (dakika 7)
Kila mmoja aandike daftarini: ufunguo wa shaba nyeupe utavutwa au la, na kwa nini, njia ya kuthibitisha kwamba chuma fulani ni sumaku, na kosa moja lililotokea kikundini wakati wa kupima na namna walivyolirekebisha.

Kazi ya nyumbani
Waje kesho na sindano ya kushonea, ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha kitambaa, na jani kavu. Tutaisugua sindano kwa ncha moja ya sumaku, mara 30 kuelekea upande mmoja tu, tuilaze juu ya jani kwenye beseni la maji, tuone kama nayo itaelekea Loleza. Beseni liwe la plastiki.