Jua Kupatwa Agosti 2, 2027: Skripti ya Redio

(MUZIKI UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Haya Arusha, Moshi na vitongoji vyake, shikamooni wakubwa, mambo vipi vijana! Jumatatu Agosti 2, 2027 mchana jua linapatwa, na meseji zimeshaanza oooh mwisho wa dunia, jamani tulieni kwanza! Ticha, kwani nini kinatokea?

TICHA: Ni mwezi tu unapita katikati yetu na jua. Upana wa jua ni kama mara 400 ya upana wa mwezi ila liko mbali mara 400 vilevile, ndo maana kamwezi kadogo kanaweza kulifunika. Wenzetu wa Luxor kule Misri litafunikwa lote dakika 6 na zaidi, sisi huku litamegwa upande tu, wala giza haliingii.

MTANGAZAJI: Na wazee wa pwani? Si walisema samaki chewa kalimeza jua, watu wanapiga masufuria alitapike!

TICHA: (ANACHEKA) Na likarudi kila mara, wakasema dawa imefanya kazi! Mi siwacheki, walikuwa wanakabili woga pamoja. Waislamu wana swala yake kabisa, tena Mtume alishasema jua halipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo tuangalie?

TICHA: Sio kwa macho makavu wala miwani ya fasheni! Tafuta miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya usalama ya ISO 12312-2. Huna? Simama chini ya mparachichi, angalia chini, vile vimwanga vinavyopenya kwenye majani vitakuwa vimemegwa hivyohivyo.

(MUZIKI UNAPANDA)