Mraba wa visanduku 16 kwenye picha yako, na kwa nini umepata 10:2:3:1

Umenitumia picha ya mraba wa Punnett wa kuzalisha njegere mbili za RrYy, ukauliza kwa nini uwiano wa mbegu haukutoka sawa. Picha inasomeka, ingawa kivuli cha simu kimeangukia kona ya chini kulia. Mraba wenyewe umeupanga vizuri. Umekosea herufi moja tu, ndani ya kisanduku kimoja, na hiyo ndiyo iliyokupeleka kwenye 10:2:3:1 badala ya 9:3:3:1.

Tuanzie pembeni, maana pembeni pakikosewa hakuna kinachopona ndani. Wazazi wote wawili ni RrYy: R ni aleli, yaani namna moja ya jeni, ya mbegu ya njegere iliyo mviringo, r ya iliyokunjamana, Y ni njano, y ni kijani. Herufi kubwa ndiyo tawala, ndogo ndiyo fiche. Gameti, yaani seli ya uzazi, hubeba aleli moja ya kila jeni, kwa hiyo kila gameti lazima iwe na R au r moja, na Y au y moja. Hapo zinapatikana aina nne tu: RY, Ry, rY na ry. Ukiona mtu ameandika Rr au Yy pembeni mwa mraba, ujue hajatenganisha aleli za mzazi, na visanduku vyake vyote vitakuwa takataka. Wewe hukufanya hivyo.

Mraba unavyopaswa kuwa ni huu:

```
      RY    Ry    rY    ry
RY   RRYY  RRYy  RrYY  RrYy
Ry   RRYy  RRyy  RrYy  Rryy
rY   RrYY  RrYy  rrYY  rrYy
ry   RrYy  Rryy  rrYy  rryy
```

Sasa tazama mstari wa nne, safu ya pili. Kwenye picha umeandika RrYy. Fuata kidole: juu ya safu kuna Ry, kushoto kwa mstari kuna ry. Y kubwa imetoka wapi? Hakuna upande ulioileta. Inapaswa kuwa Rryy, mbegu ya mviringo ya kijani, lakini wewe ukaihesabu kwenye njano. Ndiyo maana mviringo-njano zikawa 10 na mviringo-kijani zikabaki 2.

Nadhani hukukosea kufikiri, umedanganywa na mwandiko wako mwenyewe. Y yako ndogo imekaa juu ya mstari wa daftari, mkia haushuki, na ukikazia macho kisanduku hicho huwezi kuitofautisha na kubwa. Ishushe chini ya mstari na uikunje mkia. Kama swali halijakupa herufi, chagua zenye maumbo tofauti, kama A na a, B na b. Herufi kama C na c, S na s, W na w ni mtego uleule.

Kuna ukaguzi wa haraka ambao ungekuonyesha kosa kabla ya kuhesabu. Gameti zikipangwa kwa mpangilio uleule juu na kushoto, mraba hujirudia kama kioo pande mbili za mshazari unaotoka RRYY hadi rryy. Kisanduku cha mstari wa pili, safu ya nne, umekiandika Rryy. Mwenzake wa mstari wa nne, safu ya pili, lazima afanane naye. Vilevile RrYy zinapaswa kuwa nne tu, zote kwenye mshazari wa upande mwingine. Kwako zipo tano.

Kuhesabu fenotipu, yaani sura inayoonekana, usiandike majina ndani ya visanduku. Kunajaza karatasi bure. Uliza maswali mawili kwa kila kisanduku: kuna R hata moja? Kuna Y hata moja? Mstari wa kwanza wote ni mviringo-njano, 4. Wa pili wote ni mviringo, 2 njano na 2 kijani. Wa tatu wote ni njano, 2 mviringo na 2 zilizokunjamana. Wa nne una moja ya kila aina. Jumla: mviringo-njano 9, mviringo-kijani 3, kunjamana-njano 3, kunjamana-kijani 1. Usichanganye uwiano huu na ule wa genotipu, yaani mchanganyiko wa aleli zenyewe, ambao una aina tisa kwa 1:2:1:2:4:2:1:2:1. Swali likisema fenotipu, jibu lina namba nne.

Namba hizo hazijadondoka kutoka hewani. Chukua umbo peke yake: Rr kwa Rr hutoa 3/4 mviringo na 1/4 iliyokunjamana. Rangi nayo hivyohivyo. Kama jeni mbili hizi zinagawanyika bila kufungamana, unazidisha: 3/4 × 3/4 = 9/16, 3/4 × 1/4 = 3/16 mara mbili, na 1/4 × 1/4 = 1/16. Njia hii inakuokoa pale sifa zinapofika tatu, kwa sababu mraba wake ungekuwa na visanduku 64, na hakuna daftari linalostahili adhabu hiyo.

Kitu kingine: chini ya picha umeandika “kati ya mbegu 16, moja itakuwa kijani iliyokunjamana”. Ondoa neno “itakuwa”. Kila mbegu ina uwezekano wa 1/16, na haijui wenzake wametokaje. Katika mbegu 16 uwezekano wa kutopata hata moja ya aina hiyo ni (15/16)^16, takriban 36%. Ukitaka uwezekano wa 95% wa kuiona angalau moja, unahitaji mbegu 47.

Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1866, alihesabu mbegu 556: mviringo-njano 315, kunjamana-njano 101, mviringo-kijani 108, kunjamana-kijani 32. Gawanya 556 kwa 16 utapata 34.75, kwa hiyo zilizotarajiwa ni 312.75, 104.25, 104.25 na 34.75. Ukifanya jaribio la kai-mraba, linalopima hesabu halisi ziko mbali kiasi gani na zilizotarajiwa, unapata takriban 0.47, wakati kikomo cha digrii 3 za uhuru kwa kiwango cha 5% ni 7.815. Tofauti ndogo kiasi hicho ni bahati tu.

Uwiano ukiharibika kweli katika hesabu kubwa, usikimbilie kulaumu mraba. Jeni zikiwa karibu kwenye kromosomu moja hurithiwa pamoja, na aina mbili za wazazi huzidi. Jeni moja ikifunika kazi ya nyingine, visanduku ni vilevile 16 lakini makundi huungana: 9:3:4, au 9:7, au 12:3:1. Jumlisha uone, zote ni 16.

Kipengele (b), RrYy kwa Rryy, umekianza kwa kuchora visanduku 16 tena. Mzazi wa pili anatoa gameti za aina mbili tu, Ry na ry, kwa hiyo safu mbili zinatosha, visanduku vinane. Umbo linabaki 3:1, lakini rangi ni Yy kwa yy, nusu kwa nusu. Ukijaza utapata mviringo-njano 3, mviringo-kijani 3, kunjamana-njano 1 na kunjamana-kijani 1. Ukiviacha 16, kwa kuandika Ry na ry mara mbili kila moja, utapata 6:6:2:2. Si kosa, ila igawanye kwa 2 kabla ya kuiandika kuwa jibu.